Dakika 17

Dumu la lita 20 lilikuwa likijaa kwa dakika 6. Asubuhi hiyo lilijaa kwa dakika 17. Mwajuma akapima tena kabla ya kuandika, maana namba ikishaingia kwenye daftari la kamati ya maji haifutwi.

Kisima kilikuwa katikati ya mto mkavu. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita bila mto kujaa, lakini chini ya mchanga maji yalikuwepo, yametulia juu ya mwamba. Wazee walikata vitako vya mapipa matatu, wakayatoboa kwa msumari kuanzia kiunoni kwenda chini, wakayashindilia moja juu ya jingine na kuyazungushia kokoto ili mchanga usipenye kwenye matundu. Ukiinama ulisikia maji yakichuruzika ndani. Siku hizi ulilazimika kuinama sana.

Kijiji kilikuwa na nyumba 46, kila nyumba madumu mawili kwa siku. Madumu 92 kwa dakika 6 ni saa 9 na kidogo: anayeanza alfajiri humaliza kabla ya magharibi. Kwa dakika 17, hesabu ilimpa Mwajuma saa 26.

Akafunga daftari. "Leo dumu moja kila nyumba," akawaambia waliokuwa kwenye foleni. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililomtisha. Foleni isiyolalamika ni foleni iliyokwisha kuchoka.

Kina cha maji kilikuwa kikishuka pole pole tangu ukame uanze, sentimita 8 au 10 kwa mwezi. Aliitumbukiza fimbo yake ya mita 2, yenye alama kila sentimita 10, akakuta maji yameshuka sentimita 40 kwa juma moja. Jua halinywi kiasi hicho kutoka chini ya mchanga. Mchanga wa juu ukishakauka huwa kama mfuniko: maji yaliyo zaidi ya sentimita 60 chini yake jua huyafikia kwa shida sana. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa ameufunua.

Alifuata mto kuteremka. Mita 120 chini ya kisima, nyuma ya kona ambako miti ya migunga inaziba macho, alikuta shimo. Alilipima kwa fimbo ileile: urefu mita 22, upana 4, kina mita moja na nusu. Chini kabisa maji yalikuwa yamesimama, yameanza ukijani, na nyuki wanakunywa ukingoni. Alama za matairi mapana zilipanda ukingo hadi barabarani. Kando yake zilikuwepo nyayo za katambuga, ya kushoto imeshonwa kisigino kwa waya.

Waya ule alikuwa ameukata yeye mwenyewe, kutoka kwenye mpini wa ndoo mbovu, akampa mtoto wa kaka yake.

Athumani alikuwa anamsugua ng'ombe wake wa mwisho kupe alipomfikia. Hakukana.

"Lori huja saa sita usiku. Tuko vijana wanane. Malipo ya usiku mmoja ni unga wa siku nne, shangazi. Wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza maji yako wapi kabla ya kuchimba."

"Tunachimba mchanga mkavu. Maji ni yenu, hatujachukua hata kata moja."

Mwajuma hakumjibu. Alimwambia aje jioni mkutanoni, na aje na wenzake saba.

Mkutano ulifanyika chini ya ukuta wa zamani. Tuseme jambo moja kuhusu ukuta huo, maana kila aliyekaa pale alikuwa anautazama. Ulikusudiwa kuwa bwawa la mchanga, ukuta wa kukinga mchanga wa mto ili uhifadhi maji ndani yake, ukajengwa kwa mpigo mmoja hadi mita 2. Mafuriko ya kwanza yalipofika nyuma yake yalisimama kimya, na maji yakisimama hutua tope laini. Ungepandishwa nusu mita kila msimu, maji yangeendelea kukimbia juu yake yakabeba tope na kuacha mchanga mzito. Sasa nyuma ya ukuta pana mfinyanzi uliopasuka, unaonyonya maji mengi na kutoa machache. Tena mabawa yake yaliishia kwenye udongo mlaini wa kingo, na mto ukapita pembeni upande wa kushoto. Watu walichanga nguvu zao pale. Ndiyo sababu neno bwawa lilikuwa halitamkwi kijijini.

Mzee Sefu, mlinzi wa kisima, alitaka faini ya mbuzi kwa kila kijana.

"Shikamoo babu," alisema mmoja wao, "mbuzi yuko wapi?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kwa sababu lilikuwa swali la kweli.

Mwajuma alileta ndoo mbili za lita 20, zote zimetobolewa tundu moja kwenye kitako na kuzibwa kwa kijiti. Moja ilijaa mchanga mkavu wa mtoni, nyingine udongo wa nyuma ya ukuta, uliopondwapondwa. Alimpa Athumani chupa ya lita moja, amimine na kuhesabu kwa sauti.

Mchanga ulimeza lita 7 ndipo maji yakaonekana juu. Mzee Sefu akachomoa kijiti, ndoo ikachuruzika kwenye beseni. Wakasubiri. Zilirudi lita 5. 2 zilibaki zimeng'ang'ania punje. Ndoo ya udongo ilichukua muda mrefu kunywa, na ilipofunguliwa ilitoa matone, kisha ikaacha.

"Ndoo ya lita 20 imetoa lita 5," alisema Mwajuma. "Robo. Lori lenu linabeba kiasi gani?"

"Mita za ujazo 7," alijibu Athumani.

"Robo yake?"

Athumani alichora mchangani kwa kidole. "Lita 1,750."

"Na kijiji kizima kwa madumu mawili mawili kinakunywa lita 1,840 kwa siku. Kila lori ni karibu siku moja ya kijiji. Shimo nimelipima. Ni malori kama 19."

"Lakini ulikuwa mkavu!" Athumani alisimama. "Shangazi, unatuhesabia maji ambayo hayakuwemo."

Ilikuwa hoja nzuri, na Mwajuma alikiri hivyo mbele ya watu. "Hayakuwemo leo. Mto ukijaa, ungeyapokea. Ukiuza mtungi mtupu, mvua ikinyesha utakingia wapi? Hilo ni la kesho. La leo ni maji yaliyo wazi shimoni. Jua kali hukausha milimita 7 kwa siku, na sakafu ya shimo ni mita za mraba 88. Ni zaidi ya lita 600, madumu 30 kila siku. Yakipungua shimoni, maji ya kisimani hutelemkia huko kujaza pengo. Dakika 17 mmezipata hapo."

Hakuna aliyezungumza kwa kitambo. Kisha mwanamke mmoja, mke wa kijana wa tatu, akauliza unga utatoka wapi.

Swali hilo halikujibiwa jioni hiyo. Kilichoamuliwa ni kufukia. Maji yafunikwe kwa mchanga mkavu wa angalau sentimita 60, mchanga mzito tu. Ukitia udongo wa ukingoni, mvua ya kwanza itaushusha hadi chini na kuziba njia za maji. Sentimita 60 juu ya mita za mraba 88 ni karibu mita za ujazo 53, kwa makarai.

"Tuutoe wapi bila kuchimba shimo jingine?" aliuliza Mzee Sefu.

Athumani ndiye aliyejua. "Ukiteremka mto mita 40 kutoka shimoni pana jabali. Usiku wa kwanza tulianzia pale, makoleo yakagonga mwamba kwenye kina cha mita moja. Umekatiza mto kama kizingiti. Upande wake wa juu wa mto mchanga una unyevu, upande wa chini ni mkavu hadi kwenye mwamba. Ndiyo maana tulihamia juu, kwa sababu kule kina kilikuwa kidogo na lori lilikosa pa kugeuzia."

Mwajuma alimtazama. "Umekatiza mto wote? Ukingo hadi ukingo?"

"Nilikogusa, ndiyo."

Kesho yake alimpa nondo mbili na nyundo. Athumani alipigilia nondo kila baada ya mita 2 kuvuka mto, akitaja kina, Mwajuma akiandika: 1.1, 0.9, 0.9, 1.3, 1.0. Nondo ikigonga mwamba hulia kwa sauti kavu na kurudisha mkono. Ikigonga jiwe la peke yake husogea ukiitikisa. Upande wa kulia mwamba uliingia hadi ndani ya ukingo. Upande wa kushoto ulizama, mita 2.4, na hapo ukuta wowote ungehitaji bawa refu, vinginevyo mto ungefanya ulivyofanya mara ya kwanza. Watu 20 wakabeba mchanga wa chini ya kizingiti kwa siku tatu. Siku ya pili makarai mawili yalitoboka, kazi ikaendelea kwa magunia na punda.

Usiku wa nne lori likapiga honi mara mbili. Athumani alikwenda peke yake. Dereva alimwonyesha mahali shimo lilipokuwa na kumuuliza kama wamekosana na hela. Athumani akamwambia mchanga unaruhusiwa kupakiwa chini ya jabali tu, mchana, mbele ya kamati. Dereva akatazama ukingo ulivyosimama, akasema lori halishuki pale, akataja malipo maradufu kwa mchanga wa juu. Akangoja na injini inaunguruma. Kisha akaondoka tupu.

Asubuhi dumu lilijaa kwa dakika 14. Wiki hiyo halikushuka chini ya hapo, maana ukame ulikuwa bado unaendelea na mchanga haurudishi upesi kilichopotea. Foleni ilibaki ya dumu moja.

Athumani alimkuta shangazi yake kisimani. "Unga wangu unakwisha kesho. Niandike zamu ya usiku. Lori litarudi, na hao saba wengine wamesikia maradufu."

"Zamu hailipwi."

"Basi ianze kulipwa. Kilo 2 za nafaka kwa usiku."

Mwajuma alifungua ukurasa mpya. Kikombe kimoja cha robo kilo kwa kila nyumba, kwa wiki, ni kilo 11 na nusu. "Kilo 2 mara siku 7 ni 14. Hazipo."

"Moja na nusu?"

"Kumi na nusu. Zipo. Inabaki kilo moja."

"Na nyumba isiyo na kikombe?"

"Itabeba mawe ya bawa la kushoto," alisema, akaandika jina lake. "Kamba ya kisima imeanza kukatika karibu na fundo. Ibadilishe kabla watu hawajafika."