Chungu Kimoja Jikoni

Bismillahi ninatunga,
mwanangu ulo mchanga,
kabla sijafunga kanga
kukubeba mgongoni.

Leo natia kalamu,
nikuandikie humu,
ukikua ufahamu;
zimetimu arbaini.

Bibi yako apepeta,
mawese yanatokota,
dagaa wameshaleta
jirani wa barazani.

Kuna neno Kiswahili,
maana yake ni mbili,
la dawa, tena la mwili,
"uchungu" ndilo, jamani.

Nalo la "kujifungua"
nilidhani nalijua:
kama fundo kufundua
la kanga, pale pindoni.

Kumbe fundo ni mfupa,
na kamba yake mishipa,
na pumzi ya kukopa,
na jasho la kisogoni.

Tisa miezi ya mimba
nilikula hadi pemba,
kiungulia chagomba,
na teke lako mbavuni.

Mkunga kibomba chake
alitega, nisicheke;
moyo wako mbio zake
ka ngoma ya harusini.

Ilikuwa ni masika,
na ziwa limechafuka,
mitumbwi imefungika
Kibirizi ufukweni.

Saa tisa za usiku,
wamelala hata kuku,
uchungu, huku na huku,
tumboni hadi nyongani.

Baba yako, ah, mtoto!
Akavaa, kama ndoto,
ndala zote za kushoto,
akatimka njiani.

Bajaji akaipata,
kila tuta likikata,
Mwanga yote tukapita,
kitenge kiko menoni.

Begini pamba na wembe,
glovu, mpira, kikombe,
na vitenge nikupambe,
vya Kongo, vilo laini.

Mkunga akanipima.
"Ni nne tu," akasema,
"kumi ndipo pa kukoma,
sentimita za njiani."

Sita zilizobakia
mimi nilizipitia
kama treni ikilia
kila kituo relini:

Urambo na Kaliua,
Nguruka, hatujatua,
Uvinza, ndipo najua
Kigoma i karibuni.

Leba hakuna heshima
ya nguo, sote tu wima,
twatembea, twainama,
mikono iko kutani.

Mwalimu, muuza ndizi,
na mwana wa mkimbizi,
wote tulipiga mbizi
maji yaleyale, chini.

Ubavuni mwangu, mama
wa kusini, kainama,
boti lao likikwama
siku mbili mawimbini.

Jina sikumuuliza,
naye hakujieleza;
vidole tulivikaza
pengo la kati, hewani.

Wimbi langu likipanda,
nashikilia kitanda;
"Pumua, we, utashinda,"
hunena, chini kwa chini.

Lake nalo likifika,
nami hivyo namshika;
tukilia tunacheka
kama wehu wa sokoni.

Alisema, "Ni wawili
nyumbani, wenye akili;
huyu, Rabi akijali,
atakwenda dagaani."

Magharibi ikashuka.
"Sasa kumi imefika,
sukuma! usije choka,
macho chini, kifuani!"

Nikaita watu wote,
walokufa, wa popote,
"Mama yangu, nikamate!"
naye yuko kaburini.

Baba yako, nje kule,
alisikia kelele,
kazunguka palepale
na ndala za kushotoni.

Mwili ukawa wa moto,
nikachanika, si ndoto,
kikatoka kichwa, mto
wa maji ukaja chini.

Kimya. Kisha ukalia
kama paka wa gunia;
mkunga akakutia,
umelowa, kifuani.

Kilo tatu na kidogo,
una nywele, una zogo,
utando kama muhogo
uliotoka majini.

Likaja kondo la nyuma,
zito, kama ini zima;
mkunga akalipima,
kisibaki kitu ndani.

Sindano wakanichoma
pajani, damu kukoma,
tumbo wakalisukuma,
nyota zikawa darini.

Nikacheka, huku chozi
linashuka kama uzi,
mkunga ashona ngozi
kama pindo la kangani.

Husemwa, ukimpata
machungu yote hupita;
uongo! Bado nakuta
yamekaa, yamo ndani.

Yamekaa na furaha
nyumba moja, si mzaha,
uke wenza, kwa karaha,
chungu kimoja jikoni.

Bibi yako akafika,
ulimi ameuweka,
vigelegele kuruka
viko tayari kinywani.

Nikamziba mdomo.
Kwa jirani kimya kimo,
kizito, cha kina shimo,
kimelala mashukani.

Mkunga aliinama,
kapuliza, kasukuma,
kagonga nyayo, kahema;
pumzi haimo ndani.

Mvuvi wake wa taa
hakuwasha, alikaa,
na sura inayong'aa,
kimya, mle kitengeni.

Mama hakupiga yowe,
alikaa kama jiwe,
akauliza mwenyewe,
"Ni kijana? Nambieni."

"Ndiyo. Kazi yake Mungu."
"Basi nipeni mwanangu,
nimwone, ni damu yangu,
kisha mwende mchangani."

Kamfungua vidole,
kimoja, tena na kile,
kahesabu polepole,
kumi, kisha miguuni.

Akasema, "Hana kosa,
amekamilika hasa;
pumzi tu aikosa
huyu bwana wa ziwani."

Ikaja siku ya pili,
maziwa kwetu wawili
yakashuka, hayajali
nani ana mwana, nani.

Mimi nina wa kunyonya,
yeye kifua chafinya,
na kanga akajiminya,
lakini yamo nguoni.

Ukilia kwa hasira,
madoa ya mduara
yalikua kila mara
pale pake kifuani.

Nilitaka kukuficha,
kicheko nikakiacha,
usiku hadi kukicha
nakunyonyesha gizani.

Yeye ndiye akaita:
"Mlete, mbona wasita?
Mtoto hana matata;
mpe mama wa pembeni."

Nikampa. Akanusa
utosi, akaugusa;
ukatulia kabisa
kama uko kwenu ndani.

Akauliza, "Nimpe?
Maziwa haya meupe
nawezaje niyatupe,
mwenyewe yu mchangani?"

Mkunga akasogea,
"Hapana," akamwambia
kwa upole, akalia
naye, nyuma ya miwani.

Kakushika, akaimba
wimbo wa kuvuta kamba,
wa wavuvi wakiomba
dagaa waje wavuni.

Siku ya kwenda bandari
kuivizia safari,
ziwa likiwa ni shwari,
boti lapakia pwani,

akafungua furushi
la mwana asiyeishi,
likinukia marashi,
akatoa, toka chini,

kitenge cha samawati,
kimekunjwa katikati,
kilikuwa cha bahati,
na samaki ukingoni.

"Shika hiki," akasema,
"siwezi nacho kuhama;
kikirudi, kitauma
kuning'inia kambani."

Hatukupeana pole,
hongera ikae kule;
tulishikana vidole
kama mwanzoni, hewani.

Bibi naye, kwa adabu,
alivimeza kwa tabu;
tulipokuwa karibu
na nyumba, pale gengeni,

akaviachia vyote,
watu wakatoka wote,
na kuku, na mbwa yeyote,
nami machozi machoni.

Kisha maji yenye moto,
kukandwa, mvuke, joto,
uji wa manga mzito,
na choo ni mtihani!

Leo, nje, naanika,
kila nepi yadondoka,
na samaki wageuka
kitengeni, upeponi.

Kidonda changu chapona,
nikikaa chanibana;
nawe wazidi kunona,
mikunjo imo shingoni.

Ukivuta moja titi,
la pili, huo wakati,
latona bila sauti,
tone tone, magotini.

Namkumbuka mwenzangu
asiye na jina kwangu;
mbele ya dirisha langu
taa zawaka ziwani.

Nazihesabu, nakoma,
nawe wavuta, wahema;
moja tu imesimama
kusini kule, gizani.