Swali la DNA kwenda mRNA, someni kabla ya kesho tuisheni

Haya wanangu wa Fomu Siksi, nimezipitia karatasi zenu za past pepa na swali la protini, lile la kupewa uzi wa DNA mtoe mRNA na amino asidi zake, wengi wenu mnalijua ila marks zinavuja kwenye kugeuza herufi, kwa hiyo leo nalifanya zima hapa, kila mtu ashike kalamu.

Uzi mliopewa ndio templeti:

```
DNA   3'-TAC GGT AAA CTC ATT-5'
mRNA  5'-AUG CCA UUU GAG UAA-3'
```

A inazaa U, T inazaa A, G na C wanabadilishana. Hapo kwenye AAA nimekuta watu wameandika TTT, jamani mRNA haina T hata moja, ukimaliza pitisha jicho ukiona T tu ujue umeharibu. Na kateni tatu tatu kwa penseli tangu kwenye DNA, msisubiri mwisho, maana herufi moja ikikuponyoka katikati ya mstari mrefu kila kodoni iliyobaki mbele inakwenda kombo.

Sasa jedwali. Linasomwa kwa kodoni ya mRNA, sio ya DNA wala antikodoni ya tRNA, hapa ndo wanapoanguka hata wale wakali. AUG methionini, CCA prolini, UUU fenilalanini, GAG asidi ya glutamiki, UAA stop. Kwa hiyo amino asidi nne, sio tano, stop haileti kitu. Wakikuuliza antikodoni ndo unarudi UAC, GGU, AAA, CUC basi, UAA haina tRNA yake.

Mtego mwengine ni pale wanapokuandikia templeti hiyo hiyo kinyume:

```
5'-TTACTCAAATGGCAT-3'
```

Ukiikopi moja kwa moja kutoka kushoto unaanza na AAU, hakuna AUG mwanzo, shtuka hapo hapo. Igeuze kwanza ianze na 3' ndo ufanye kazi. Na wakisema uzi wa kodingi usifanye kuoanisha chochote, badilisha T kuwa U tu umemaliza.

Lile la hesabu, protini ya amino asidi 120 inatoka kwenye besi ngapi za mRNA, ni besi 360, ukihesabu na stop 363, soma swali linataka ipi.

Mutesheni wanaipenda sana ya siko seli: CTC kwenye templeti ikawa CAC, GAG inakuwa GUG, glutamiki inaondoka inakaa valini, nafasi ya 6 ya beta globini. Herufi moja tu hiyo, na andikeni ni sabstitusheni, fremu haikuhama.

Kazi ya kesho: kwenye uzi ule wa kwanza futeni G moja ya GGT halafu mniandikie mRNA na amino asidi zote. Atakayeniletea jibu lenye kodoni ya UAA mwisho arudie, hajahamisha fremu.