YAH: Kuomba ruhusa ya kushona nguo chumbani

Mbagala, Dar es Salaam
14 Machi 2025

Baba Zuhura, shikamoo.

Naomba ruhusa yako nishone nguo za oda katika chumba namba 3 ninachopanga, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumapili hapana.

Cherehani ni ya miguu, haili umeme. Kinachokula ni pasi: wati 1,000, yaani uniti 1 ikiwaka saa nzima. LUKU ni yetu sote, hivyo naomba nifunge mita ndogo kwa gharama yangu, fundi umchague wewe, nami nilipie uniti zangu kila wiki. Pasi nitaichomeka kwenye soketi ya ukutani tu. Waya mwembamba wa ekstensheni hupata moto na kuyeyuka.

Sakafu ya saruji hupeleka mtikisiko chumba cha pili, kwa hiyo nitaweka vipande vya mpira chini ya miguu ya cherehani. Vipande vya vitambaa vitakaa kwenye kiroba, visizibe mtaro. Kibao sitaweka.

Ukiona vyema, tujaribu miezi 3, kodi ikibaki ileile. Ukikubali, naomba uniandikie, nakala niiambatishe kwenye mkataba wetu.

Mpangaji wako,
Mama Rehema