Taratibu na hilo bao

Mdogo wangu, salaam. Nasikia umeshaanza kuwapigia watu ramli, hongera, ila taratibu bwana. Kuzijua zile sura 16 za bao la ramli na kuhesabu nukta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili hakukufanyi ujue ya Mungu. Usimwambie mtu atakufa wala chombo kitazama, hata bao likae vibaya vipi. Mi nilishamwambia mama mmoja mwanawe aloenda baharini harudi tena, siku ya tatu kijana huyo, tenga la samaki changu begani, na mama yuko kitandani presha imepanda, nikakosa pa kuweka uso. Sikuhizi nikiona zito nasema tu toa sadaka, kapime hospitali. Jumamosi njoo na ubao wako.