“Nikipiga simu, mzigo unafika”

Huyu ni fundi mwashi wa Mikindani, mteja wetu tangu duka letu la vifaa vya ujenzi lina mlango mmoja. Tulimuuliza kwa nini hahamii duka lingine. Akacheka kwanza.

“Nondo ya milimita 12 hapa ni 12 kweli, naipima mwenyewe. Msimu wa korosho kila mtu anajenga, saruji inagombewa, lakini nikiahidiwa mifuko yangu naikuta. Halafu bati la geji 30 walinikatalia. Wakaniambia, fundi, nyumba iko pwani, chumvi italila hili, chukua 28, ni nene zaidi.”

(Bei alilalamika, tusifiche!)

Kisa cha bomba lililopasuka usiku kimo kwenye video. Tupo Mtwara mjini, Jumatatu hadi Jumamosi. Mzigo mzito tunakuletea saiti.