YAH: OMBI LA KUAHIRISHA UDAHILI HADI MWAKA WA MASOMO 2026/2027

Maryam Khamis Hamad,
Mtambwe, Wete,
Pemba.
6 Oktoba 2025

Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma),
Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA),
Tunguu, Unguja.

Assalaam alaykum.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimechaguliwa kusoma Shahada ya Sayansi na Ualimu, na tarehe 19 Septemba nilithibitisha nafasi yangu. Kwa barua hii naomba nianze masomo mwaka 2026/2027 badala ya mwaka huu.

Usiku wa tarehe 27 Septemba mama yangu mzazi alipata kiharusi. Magharibi alikuwa uani anakusanya karafuu kwenye jamvi, akalalamika mkono wa kulia una ganzi. Tukadhani ni uchovu wa kuchambua. Kufika usiku hawezi kusimama wala kutamka jina langu. Sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani, lakini hugeuzwa kitandani, hulishwa, na mara mbili kwa wiki tunampeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo.

Baba alishafariki. Mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha nne na mtihani wake wa taifa ni Novemba. Sikuona haki kumtoa darasani yeye ili niende mimi. Dada yetu mkubwa anafanya kazi Maskati kwa mkataba unaomalizika Julai 2026, na ameahidi kurudi nyumbani moja kwa moja. Majirani wanatusaidia sana, lakini kumwogesha mama ni kazi ya mwanawe.

Nilifikiria kuomba muhula mmoja tu. Nikaona nitaingia katikati, wenzangu wameshapita misingi ya kemia na hesabu, na mama bado hajapata wa kumwangalia. Mwaka mzima ndio unaolingana na hali yetu.

Dada akifika Julai, tutakuwa pamoja miezi miwili ili azoee dawa na mazoezi ya mama. Napendekeza kuripoti Tunguu Jumatatu, tarehe 19 Oktoba 2026, au mapema zaidi ikiwa usajili wa mwaka huo utaanza kabla ya hapo. Nitavuka kwa boti wiki moja kabla.

Nimeomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Mkinikubalia, naomba jibu la maandishi niliwasilishe kwao, fedha zisije zikatolewa kwa mwanafunzi ambaye hayupo. Kama utaratibu unanitaka nithibitishe tena mwakani au nilipe chochote kushikilia nafasi, naomba nielezwe humo humo.

Nimeambatanisha nakala ya barua ya udahili, cheti cha daktari, cheti cha kifo cha baba na barua ya sheha wa shehia yetu.

Wako mtiifu,

Maryam Khamis Hamad