KUH: Taarifa ya kupotea kwa pasipoti TAE480917 – Rehema Athumani Mkwizu, Leipzig – safari tarehe 20 Novemba 2025

Leipzig, Jumanne, 14 Oktoba 2025

Afisa Uhamiaji,
Ubalozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Berlin.

Ndugu Afisa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua leo ni Siku ya Nyerere na ofisi imefungwa. Naandika leo ili taarifa iwe mezani kwenu mara mtakapofungua kesho, na ili tarehe ya kutoa taarifa ibaki kwenye maandishi.

Pasipoti yangu ya kielektroniki imepotea jana, Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025, ndani ya treni ICE 1507 iliyotoka kituo kikuu cha Berlin saa 12:28 jioni na kufika Leipzig saa 1:43 usiku. Ilikuwa kwenye pochi ya kitambaa cha kahawia pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano na euro 40. Nilikaa behewa namba 24, kiti 61. Treni iliendelea kuelekea Munich. Sina ushahidi wa wizi, kwa hiyo polisi wameandika upotevu.

Taarifa zangu ni hizi, kama zilivyo kwenye pasipoti:

Jina kamili: Rehema Athumani Mkwizu
Jinsi: Mwanamke
Tarehe na mahali pa kuzaliwa: 8 Machi 1996, Morogoro
Namba ya pasipoti: TAE480917 (ya kawaida)
Imetolewa: 22 Juni 2021, Dar es Salaam
Mwisho wa matumizi: 21 Juni 2031
Namba ya NIDA: 19960308-67114-00002-23
Baba: Athumani Saidi Mkwizu. Mama: Zainabu Ramadhani Kibwe. Wote wawili ni Watanzania, wazaliwa wa Morogoro
Anwani: Straße des 18. Oktober 29, chumba 512, 04103 Leipzig
Simu: +49 171 3920041 (na WhatsApp)
Shughuli: mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwaka wa pili

Ndani ya pasipoti kulikuwa na viza ya Ujerumani iliyokwisha muda na mihuri ya kuingia na kutoka Dar es Salaam. Hakuna viza nyingine hai. Kadi yangu ya ukaazi wa Ujerumani (inaisha 30 Septemba 2026) na kitambulisho cha NIDA havikupotea, ninavyo mkononi.

Polisi wa Shirikisho katika kituo kikuu cha Leipzig walipokea taarifa yangu jana saa 4:10 usiku. Namba ya jalada iko juu kulia kwenye kiambatisho namba 1. Naomba mwangalie jambo moja kwenye karatasi hiyo: askari aliandika kwanza herufi O mahali pa sifuri katika namba ya pasipoti, kisha akasahihisha kwa kalamu na kugonga muhuri pembeni. Namba sahihi ni ile yenye sifuri, nne-nane-sifuri-tisa-moja-saba. Nilisisitiza irekebishwe pale pale, kwa sababu namba isiyolingana na kumbukumbu zenu ingeifanya ripoti nzima ionekane ni ya pasipoti nyingine. Ripoti ni ya Kijerumani. Nimeambatisha tafsiri yangu ya Kiswahili. Kama mnahitaji ya mtafsiri aliyeapishwa, nijulisheni niianze mapema.

Nimejaza pia ombi la kutafutiwa mali katika huduma ya vitu vilivyopotea ya Deutsche Bahn. Hata hivyo, naomba pasipoti ifutwe sasa, bila kusubiri majibu ya reli. Polisi wameshaiingiza kwenye mfumo wao, hivyo hata ikionekana kesho ningeweza kuzuiwa nayo mpakani. Ikipatikana nitaileta ubalozini, sitaitumia.

Kuna tofauti moja ya majina ambayo naitaja mapema isije ikakwamisha faili. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa "Athuman", bila i ya mwisho. NIDA na pasipoti vimeandikwa "Athumani". Hati ya kiapo iliyotumika wakati wa kuomba pasipoti mwaka 2021 ipo, ni kiambatisho namba 5.

Sasa kuhusu ombi lenyewe. Nina tiketi ya kuondoka Frankfurt kwenda Dar es Salaam tarehe 20 Novemba 2025, kukusanya takwimu za utafiti Morogoro, na kurudi Ujerumani tarehe 12 Januari 2026. Ninaomba pasipoti mpya. Hati ya dharura ya safari ingenifikisha nyumbani, lakini haitanirudisha: kadi ya ukaazi inatumika pamoja na pasipoti halali, na shirika la ndege litaulizia vyote viwili kabla ya kunipandisha. Kama pasipoti haiwezi kuwa tayari kabla ya tarehe 20 Novemba, njia ya pili ninayoiona ni kusafiri kwa hati ya dharura, kisha kufuatilia pasipoti Uhamiaji Dar es Salaam na kurudi nayo. Hiyo itafaa tu kama ombi nitakalofungua Berlin linaweza kukamilishwa Dar es Salaam bila kuanza upya. Naomba mnishauri ipi ni salama zaidi kwa muda uliobaki.

Naomba pia majibu ya haya:

Ada ya pasipoti iliyopotea ni kiasi gani, na kumbukumbu namba ya malipo inaweza kulipiwa kutoka benki ya Ujerumani, au mnapokea kadi dirishani?

Picha nilizonazo ni za milimita 35 kwa 45, mandhari ya nyuma ni ya kijivu kama wanavyotaka Wajerumani. Zikitakiwa za rangi nyingine nitapiga upya kabla sijaja.

Nakala za vyeti vya wazazi zinatosha kwa barua pepe, au lazima nije na nakala zilizothibitishwa na wakili? Vyeti halisi viko Morogoro na kuvituma kutachukua muda.

Jambo la haraka kuliko yote ni barua. Kifungu cha 3 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinamtaka mgeni awe na pasipoti halali, na ninalazimika kuitaarifu ofisi ya wageni ya Jiji la Leipzig kwamba yangu imepotea. Naomba barua fupi ya ubalozi, yenye muhuri, inayosema kuwa nimetoa taarifa ya upotevu na nimeanza kuomba pasipoti mpya. Ikiwezekana iwe ya Kijerumani au Kiingereza, itaje namba TAE480917 na tarehe ya taarifa hii. Skani kwa barua pepe itatosha kwa kuanzia. Nakala halisi nitaichukua nikija.

Niko tayari kuja Berlin kwa alama za vidole siku yoyote kuanzia Alhamisi tarehe 16 Oktoba. Kwa treni ya asubuhi ninaweza kuwa ubalozini saa 4:00. Nikipewa miadi siku moja kabla inatosha.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
Rehema Athumani Mkwizu

Viambatisho (PDF, kila kimoja chini ya MB 2):
1_Ripoti_ya_polisi.pdf
2_Tafsiri_ya_ripoti.pdf
3_Nakala_pasipoti_ukurasa_wa_taarifa.pdf
4_NIDA_mbele_na_nyuma.pdf
5_Cheti_cha_kuzaliwa_na_kiapo.pdf
6_Vyeti_vya_wazazi.pdf
7_Kadi_ya_ukaazi.pdf
8_Barua_ya_chuo_na_tiketi.pdf

Nakala ya pasipoti ni ya rangi, niliiskani mwaka 2023. Ukurasa wa taarifa unasomeka wote, pamoja na mistari miwili ya chini ya mashine.